Mwongozo kamili: jinsi ya kuandika karatasi ya maelezo ya utafiti wa presha, ile mgonjwa anasoma na kuelewa kabla aweke saini

Tuseme uko na utafiti mdogo kwa kliniki ya presha huko Kayole. Watu 80, miezi 6. Nusu watapewa mashini ya betri wajipimie nyumbani, nusu wataendelea na kliniki kama kawaida, alafu mwisho mnaangalia ni kundi gani lina watu wengi ambao presha yao iko chini ya 140/90. Mpango wa utafiti umeandika, bajeti iko, sasa kamati ya maadili inataka karatasi ya maelezo kwa washiriki, kwa Kiswahili. Hapa ndo watu wengi hufungua mpango wao, wanachukua kurasa kumi za lugha ya chuo, wanazitafsiri neno kwa neno, na mama aliyekuja kuchukua dawa anawekewa hiyo kitu mkononi akiwa amekaa kwa benchi tangu asubuhi na mboga zake zinanyauka kwa kibanda. Ataweka saini, ndio. Lakini hajakubali kitu, ametaka tu kuenda.

Nitachukua huo utafiti wa Kayole tuupitie mwanzo mpaka mwisho. Kuna swali moja tu utakuwa unajiuliza kila sentensi: huyu mgonjwa, akisoma hapa, anajua nini kitakuwa tofauti na siku yake ya kawaida ya kliniki? Manake yeye tayari ni mgonjwa wa hapo. Anapimwa presha hapo, anapewa amlodipini ama losatani hapo, anamjua nasi kwa jina. Ukimletea karatasi hapo hapo anadhani ni matibabu. Kazi ya karatasi ni kutenganisha hizo vitu mbili, na hiyo ndo sehemu ngumu kuliko zote.

Kabla hujaandika: chora siku ya mgonjwa

Chukua karatasi, gawanya mara mbili. Upande mmoja andika kila kitu kinachotendeka siku ya kliniki bila utafiti: anafika, anatoa kitabu, anapimwa, anaona klinikofisa, anaenda famasi, anapewa tarehe ya kurudi. Upande wa pili andika kile utafiti unaongeza. Kwa mfano wetu: siku ya kwanza anakaa kama dakika 45 zaidi, anaulizwa maswali, anapimwa presha mara tatu badala ya mara moja, na akiwa kundi la mashini anafundishwa kuitumia. Nyumbani, wiki moja kabla ya kila tarehe ya kliniki, anajipima asubuhi na jioni kwa siku 7, kila wakati mara mbili akipumzika dakika moja katikati, na anaandika kwa kijitabu. Anapimwa tena na watu wa utafiti mwezi wa tatu na mwezi wa sita. Basi.

Huo upande wa pili ndo karatasi yako. Ule wa kwanza utautaja kwa sentensi moja tu: "Matibabu yako ya kawaida yataendelea vile vile." Na uandike pia kile hakitafanywa, juu watu huku wakisikia utafiti swali la kwanza ni damu. "Hatutatoa damu. Hatutakupa dawa mpya. Dawa zako zikibadilishwa, ni daktari wako wa kliniki amebadilisha juu ya afya yako, si sisi." Sentensi kama hizo sioni kwa karatasi nyingi na zinaokoa maelezo mengi sana pale mlangoni.

Kichwa na sentensi tano za kwanza

Kichwa cha mpango wako pengine ni "Tathmini ya ufanisi wa ufuatiliaji binafsi wa shinikizo la damu miongoni mwa watu wazima". Kiache huko kwa kamati, kiweke kwa maandishi madogo chini ya ukurasa kama wanakihitaji. Juu andika: "Je, kujipimia presha nyumbani kunasaidia kuiteremsha?" Mtu akisoma hapo tayari anajua nusu ya mambo.

Alafu mwanzo uwe hivi, na mimi ningeuandika karibu neno kwa neno:

"Tunakuomba ushiriki katika utafiti. Utafiti ni njia ya kutafuta jibu ambalo bado hatuna. Sisi hatujui kama mgonjwa wa kliniki hii akijipimia presha nyumbani itashuka zaidi kuliko akipimwa kliniki peke yake, na ndiyo maana tunafanya utafiti huu. Si lazima ushiriki. Ukikataa, utaendelea kupata huduma na dawa zako hapa kama kawaida, na hakuna mtu atakukasirikia."

Ona vile "si lazima" imekuja mapema, haijafichwa ukurasa wa pili. Na hiyo "hatujui" usiiondoe hata kama mkubwa wako anaona inawaaibisha. Ukiandika "tunataka kukusaidia kudhibiti presha yako" umeshamwambia kuwa utafiti ni matibabu, na kutoka hapo hata ukieleza aje hatakuelewa.

Kwa nini yeye? Sentensi moja: "Tumekuchagua kwa sababu una miaka 18 au zaidi, unatibiwa presha hapa, na mara ya mwisho ulipopimwa ilikuwa 140/90 au zaidi." Usitumie maneno kama "vigezo vya ujumuishaji", na neno tumia presha, lile analitumia yeye mwenyewe kwa daktari.

Makundi mawili, hapa pole pole

Hii ndo sehemu watu huchanganyikiwa na ndo inaleta kesi baadaye, manake mmoja ametoka na mashini na jirani yake ametoka mikono mitupu na wote wanapanda matatu moja. Usiandike "utawekwa kwenye kundi kwa bahati nasibu" ukaachia hapo. Eleza kitendo chenyewe anachokiona: "Kuna bahasha 80 zimefungwa na kupewa namba. Ukikubali, tunafungua bahasha inayofuata mbele yako. Ndani imeandikwa kundi lako. Daktari hachagui, sisi hatuchagui, na wewe pia huchagui. Ni kama kurusha shilingi."

Alafu jibu maswali ambayo atauliza kwa benchi hata kama hatakuuliza wewe. Nikiangukia kundi la pili naweza kujinunulia mashini yangu? Ndio, hakuna wa kukukataza, ila utuambie. Naweza kumpea dada yangu mashini apime? Tunaomba uitumie wewe peke yako mpaka miezi 6 iishe, juu mashini inaweka kumbukumbu ya namba na za dada yako zitachanganyika na zako. Mwisho wa utafiti mashini ni ya nani? Hapa kuwa mkweli kulingana na bajeti. Kama kundi la pili halitapewa mashini mwishoni, andika hivo wazi. Kama watapewa, andika watapewa lini. Kile hutakiwi kuandika ni "huenda", manake mtu wa kundi la pili akisoma huenda anasikia nitapewa, na mwezi wa saba atakuja na mkoba.

Madhara: usithubutu kuandika "hakuna"

Watu huona kujipima presha ni kitu kidogo, wanaandika "Utafiti huu hauna madhara yoyote". Kamati yoyote makini, iwe ya Hospitali ya Kenyatta na Chuo Kikuu cha Nairobi ama ya KEMRI, itakurudishia. Na haki yao, juu si kweli. Fikiria huyu mtu akiwa nyumbani, chumba kimoja, saa mbili usiku.

Mkanda unabana mkono na unaweza kuuma kidogo ama kuacha alama. Hilo dogo. Kubwa ni namba yenyewe. Amejipima akapata 168/98, moyo unaenda mbio, anapima tena inapanda 175, anapima tena, usingizi umeisha. Mwingine anapata 128/80 wiki nzima, anasema nimepona, anaacha dawa. Mwingine anaona imepanda anameza tembe mbili. Hizi tatu ndo madhara halisi ya utafiti wenu na karatasi lazima izitaje pamoja na cha kufanya: "Ukiona namba iko juu unaweza kuingiwa na wasiwasi. Presha hupanda na kushuka kila siku, na namba moja peke yake haitoshi kubadilisha dawa. Usiache dawa, usipunguze na usiongeze kwa sababu ya namba uliyoiona. Tupigie kwanza."

Kisha weka kiwango cha hatari, kwa kisanduku, maandishi meusi: "Ukipata 180 au zaidi kwa namba ya juu, au 110 au zaidi kwa namba ya chini, kaa utulie dakika 5 upime tena. Ikiwa bado iko hivyo, tupigie na uje kliniki siku hiyo hiyo. Kama pia unaumwa kifua, unapumua kwa shida, upande mmoja wa mwili umelegea, mdomo umepinda, maneno hayatoki vizuri, au kichwa kinauma sana na macho hayaoni vizuri, usitupigie sisi kwanza. Nenda hospitali iliyo karibu mara moja, hata kama namba iko chini ya hapo."

Na sentensi hii moja ambayo naona kila utafiti wa kujipimia unaisahau: "Hakuna mtu anayeangalia namba zako ukiwa nyumbani. Tunaziona siku ukileta kijitabu." Bila hiyo, mgonjwa anaamini kuna daktari mahali anaangalia, anaandika 190 kwa kijitabu anangoja apigiwe simu. Hapo mtu anaweza kupata kiharusi akingoja.

Kuna pia madhara ya siri. Kijitabu cha presha kikikaa mezani mgeni anakisoma. Mesej ya kukumbushwa tarehe ikiingia kwa simu ambayo mtoto anachezea, nyumba yote imejua. Basi mesej ziandikwe bila neno presha ndani, na karatasi iseme hivo: "Mesej zetu zitasema tu: kumbuka tarehe yako."

Faida

Fupi. Kundi la mashini watapata mashini na mafunzo, kundi la pili hawatapata faida ya moja kwa moja, majibu yanaweza kusaidia wagonjwa wa kesho. Usirembe.

Pesa

Tuseme mmepanga shilingi 300 kila mara ya zile tatu za kupimwa na watu wa utafiti. Andika ni za nini: nauli na muda. Andika zinakuja lini na kwa njia gani: "Utapata shilingi 300 kwa M-Pesa siku hiyo hiyo kabla hujaondoka." Andika pia kama akijitoa mwezi wa tatu zile ameshapata hatarudisha. Na angalia jina litakalotokea kwa mesej ya M-Pesa, manake ikiwa ni namba ya biashara iliyosajiliwa kwa jina lenye neno presha ama moyo, umeshamwaga siri yake kwa kila mtu anayeshika hiyo simu. Badilisha jina ama mwambie mapema.

Kiasi chenyewe kisiwe kikubwa mpaka mtu ashindwe kukataa. Kwa mtu anayelipa nyumba kwa vibarua, elfu tatu kwa siku moja ya kupimwa si asante tena, inamsukuma. Kamati watakuuliza hesabu ya nauli na masaa, kuwa nayo. Alafu sema wazi kile hamlipi: dawa zake anaendelea kuzipata vile alikuwa anazipata, kwa bima ama kwa mfuko wake.

Siri na data

Tangu Sheria ya Kulinda Data ya 2019, habari za afya za mtu ni data nyeti hapa Kenya, na mgonjwa ana haki ya kujua unachukua nini, unakiweka wapi, nani anakiona na kwa muda gani. Kwa karatasi usitaje vifungu, taja vitu. "Jina lako halitaandikwa kwa fomu za maswali. Utapewa namba ya utafiti. Orodha inayounganisha jina na namba itafungiwa kwa kabati, na funguo ziko na mtafiti mkuu. Tutaiharibu baada ya miaka 5. Kamati ya maadili inaweza kukagua rekodi zetu kuhakikisha tunafanya kazi vizuri." Miaka weka ile iko kwa mpango wako, lazima zifanane, kamati huangalia hiyo.

Usiahidi siri kamili. Kama nasi wa kliniki ataona namba za kijitabu ili zimsaidie kutibu, sema ataona. Na kama mnaandika kwa simu ama tableti, sema.

Kujitoa

Kila karatasi inasema "unaweza kujitoa wakati wowote". Vizuri, lakini aje? Mgonjwa hajui kama anaandika barua ama anatoroka tu. Andika: "Ukitaka kujitoa, tuambie mdomo ama tupigie simu. Si lazima useme sababu. Tutakuomba urudishe mashini." Alafu namba alizotoa zitaenda wapi? Chagua na useme: mkishaondoa majina na kufanya hesabu haziwezi kutolewa tena, lakini kabla ya hapo akiomba zifutwe zitafutwa. Hiyo ahadi usiandike kama hujaongea na mtu wenu wa data.

Nani atamsomea

Hii haiko kwa karatasi lakini inaweza kuifanya isiwe na maana. Yule anayempa mgonjwa dawa asiwe ndo anamuomba aingie kwa utafiti. Mtu hawezi kumkatalia nasi anayeshika dawa zake, hata umwandikie "si lazima" mara kumi. Weka msaidizi wa utafiti, pembeni, baada ya mgonjwa kumaliza kliniki na dawa ziko mkononi. Na aruhusiwe kuenda na karatasi nyumbani aongee na mzee wake ama watoto, arudi tarehe inayokuja.

Asiyeweza kusoma anasomewa yote kwa sauti mbele ya shahidi ambaye si wa timu yenu, anaweka kidole gumba, shahidi anasaini na tarehe. Anaweza kuwa ndugu aliyemsindikiza. Kopi moja inabaki na mgonjwa, asipotaka kwenda nayo nyumbani usimlazimishe.

Ukubwa, na kuijaribu

Kurasa mbili, tatu zikizidi sana. Maandishi saizi 14, manake wagonjwa wa presha wengi ni wa miaka 50 kwenda juu na miwani wameacha nyumbani. Namba za simu mbili, tofauti: ya mtafiti, inayoshikwa, na ya kamati ya maadili kwa mtu aliye na malalamiko ambayo hawezi kukuambia wewe.

Kabla ya kuipeleka popote, ijaribu na watu wachache kwa kliniki nyingine. Usiwaulize "umeelewa?", juu kila mtu atasema ndio. Uliza hivi: "Mama, ukifika nyumbani mzee akuulize hii karatasi ni ya nini, utamwambia nini?" Alafu: "Ukikataa, dawa zako zitakuaje?" "Nani atachagua kama unapata mashini?" "Ukipata 185 usiku utafanya nini?" Nyamaza usikize. Tuseme mama anajibu "wanataka kunipea mashini ndio presha ishuke". Hapo sehemu mbili zimeanguka: hajaona makundi ni mawili, na anadhani mnajua tayari kwamba mashini inashusha. Usimsahihishe tu ukaendelea, rudi kwa karatasi. Pengine sentensi ya bahasha iko chini sana, ipandishe iwe kabla ya maelezo ya mashini. Pengine picha ya mashini umeiweka ukurasa wa kwanza na ndo kitu pekee amekumbuka. Ukibadilisha, jaribu na watu wengine, si walewale, hao wameshajua majibu.

Ukitafsiri kutoka ile ya Kiingereza, mpe mtu ambaye hajaiona airudishe Kiingereza alafu linganisha. Utashangaa ni "unaweza" ngapi zimegeuka "utapata".

Mihuri

Karatasi inapitia kamati ya maadili iliyotambuliwa, alafu kibali cha NACOSTI, ile tume ya serikali inayoruhusu utafiti, alafu idara ya afya ya kaunti ya Nairobi na msimamizi wa kliniki yenyewe. Kila lugha utakayotumia inapitishwa, si Kiingereza peke yake. Chini ya kila ukurasa weka namba ya toleo na tarehe, kwa mfano "Toleo la 2, ukurasa 1 kati ya 2", na ile iliyopigwa muhuri ndo hiyo tu unafotokopi. Ukibadilisha hata kiasi cha nauli kutoka 300 kuwa 400, hiyo ni toleo jipya, linarudi kwa kamati kabla ya kutumika, na zile kopi za zamani zilizobaki kwa droo ya kliniki unazitoa zote siku hiyo hiyo, juu msaidizi akiwa na haraka anachukua ile iko karibu na mkono.